Mizani ya tisa

"Mwalimu shikamoo. Naandika hadithi fupi ya mwanafunzi wa hapa Mwanza, tasnifu ameshaibaindi, na usiku wa kuamkia kukabidhi anakuta ubeti mmoja kaunukuu vibaya. Nimekwama hapo hapo. Kosa lenyewe liwe lipi, na anagunduaje usiku huo wakati amelisoma shairi mara mia?"

Marahaba mwanangu. Nimesimamia tasnifu za ushairi miaka mingi na makosa ya kunukuu nimeyaona ya kila namna, sasa nikuambie moja kwa moja: kosa lako liwe la mizani, yaani hesabu ya silabi, na liwe limetokea mahali ambapo mwanafunzi amejenga hoja juu yake. Ukiweka kosa la herufi tu, sijui "bahari" imeandikwa "bahiri", msomaji atasema si achukue kalamu arekebishe alale? Hadithi inaisha ukurasa wa kwanza. Lakini kama kosa limezaa kurasa tatu za uchambuzi, na kurasa hizo ndizo zilizosifiwa na watahini, hapo huyu binti hana usingizi.

Nakutungia ubeti sasa hivi, utumie upendavyo. Tuseme mshairi wetu ni mzee wa pwani, alikuja Mwanza kwa gari moshi enzi hizo (reli ilifika huku 1928), akafanya kazi bandarini, akazeeka hapa hapa Kirumba, mashairi yake yote yako kwenye daftari moja la kaunta. Mtoto wake wa kiume alitoka na mtumbwi hakurudi. Shairi lina beti tisa, na ubeti wa sita ni huu:

Ziwani kuna mawimbi, mwanangu hajarejea,
Usiku nina maombi, na mchana nangojea,
Njiani likaja vumbi, nyayoze zikapotea,
Wimbo nao siuimbi, hadi atapotokea.

Ni tarbia ya kawaida kabisa, mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, cha kwanza ukwapi mizani nane na cha pili utao mizani nane, kina cha kati "mbi" na cha mwisho "ea". Hesabu mwenyewe kwa kidole juu ya meza usije ukaniamini tu. Zi-wa-ni-ku-na-ma-wi-mbi, nane. Na-m-cha-na-na-ngo-je-a, nane. Hapo kwenye "mchana" ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, maana ile "m" inasimama peke yake ni mizani kamili, lakini "m" ya "mawimbi" haisimami, imeungana na "bi" inakuwa kitu kimoja. Kama binti yako ni mwanafunzi mzuri hili analijua, na ni lazima alijue, la sivyo hadithi itakuwa ya mtu asiyejua kazi yake na hiyo haina utamu.

Sasa kosa. Kwenye tasnifu utao wa mshororo wa tatu umeandikwa "nyayo zake zikapotea". Basi, hicho tu. Angalia lilivyojificha. Maana ni ile ile, nyayoze ni nyayo zake, kama tunavyosema mkewe, mwanawe. Kina hakijaguswa, "ea" ipo. Hata kwa macho linapendeza zaidi kuliko la asili, ni Kiswahili cha kila siku, jicho linapita wala halikwami. Kilichoharibika ni kimoja: nya-yo-za-ke-zi-ka-po-te-a. Tisa.

Limeingiaje? Hapa nakuomba usimtupie mchapaji lawama zote, ingawa ni kweli ndiko lilikoanzia. Binti alipiga picha kurasa za daftari kwa simu, akampelekea kijana wa steshenari kwa wasapu amchapie mashairi yote arobaini na kitu, kijana akaona "nyayoze" imepigwa mstari mwekundu kwenye kompyuta, akadhani mzee amekosea au kalamu imeteleza, akatenganisha na kunyoosha. Ndivyo inavyokuwa kweli, na anayefanya hivyo huwa anafikiri anasaidia. Ila kosa kubwa ni la binti, na lilikuja baadaye: alipokaa kuandika sura ya nne hakufungua tena picha za daftari, alichambua kutoka kwenye kile kilichochapwa kwa sababu kinasomeka vizuri na kinatafutika. Akahesabu mizani, maana ni mwanafunzi mzuri, akakuta tisa, moyo ukamruka. Akaandika kwamba hapa mshairi ametoka makusudi kwenye kanuni, kwamba mizani ya tisa ni unyayo uliokanyaga nje ya njia, kwamba uchungu wa baba umezidi kipande ukafurika. Kurasa tatu, 86 hadi 88. Msimamizi akapenda. Mtahini wa nje akapenda. Ikaingia kwenye ikisiri, ikaingia kwenye hitimisho.

Na mimi nakuambia hoja yenyewe ni nzuri, iandike vizuri kwenye hadithi, msomaji aipende kama walivyoipenda wale, ndipo itakapomuuma.

Haya, anagunduaje. Umeuliza sawasawa kabisa, amelisoma mara mia. Na hata akilisoma mara ya mia na moja hataliona, kwa sababu macho yake yameshajua kwamba hapo pana tisa na tisa ni ushahidi wake. Kwa hiyo usimgundulishe kwa macho, mgundulishe kwa sikio, na sikio liwe la mtu mwingine asiyejua kwamba kuna shida.

Mimi ningeandika hivi. Nakala nne zimetoka kubaindiwa jioni, hadikava nyeusi, maandishi ya dhahabu mgongoni, bado zinanuka gundi. Tatu ni za chuo, kesho saa sita mchana ndiyo mwisho. Ya nne aliiahidi kwa binti wa marehemu mshairi, bibi wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyempa daftari. Anapanda kilima cha Kirumba kwa miguu katikati ya yale mawe, bodaboda imemshusha chini kwa sababu juu hakupitiki, na akiwa njiani umeme unakatika mji mzima. Ukigeuka nyuma mjini ni giza halafu ziwani ndiko kuna taa, wavuvi wa dagaa wametoka, usiku hauna mwezi na taa zao zimetandaa kwenye maji kama mtaa.

Bibi anapokea kitabu kwa mikono miwili. Anakipapasa jalada, ananusa. Kusoma hasomi vizuri, miwani ilivunjika, na taa ya chemli haitoshi. Anasema, "Basi mjukuu wangu, mimi nitaliimba lile shairi la kaka, wewe fuatisha humo ndani tuone kama umemuandika baba sawasawa." Yaani anasema kwa furaha tu, hana mashaka yoyote. Binti anafungua ukurasa wa 87, anawasha tochi ya simu, anaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Hapa ndipo uchelewe. Usikimbie. Watu wa pwani shairi hawalisomi, wanalighani, kila mzani una pigo lake, na bibi hili analijua tangu msichana, baba yake alikuwa analiimba kila magharibi akiangalia ziwa. Kidole cha binti kinakwenda na sauti, mshororo wa kwanza sawa, wa pili sawa, "njiani likaja vumbi" sawa, kisha bibi anafika mwisho wa utao na kuvuta ile "a" ndefu, na kidole bado kiko kwenye "te". Kimebaki nyuma kwa pigo moja. Binti anafikiri kachelewa yeye. Bibi anaendelea mpaka mwisho wa ubeti, na binti anasema kwa sauti ndogo, "Bibi samahani, rudia ule wa tatu." Bibi anarudia. Kidole kinabaki nyuma tena pale pale.

Kama ningekuwa wewe nisingeandika kabisa kwamba moyo ulimwenda mbio wala jasho lilimtoka. Ningeandika kwamba alihesabu kwa kugonga vidole kwenye jalada la tasnifu wakati bibi anaimba, mara ya tatu, na vidole vikasimama kwenye nane.

Sasa kuna jambo ambalo waandishi wengi wangelipita na wewe nakusihi usilipite. Kuimbwa kwa nane si uthibitisho. Mwimbaji hodari anaweza kumeza silabi, "nyayo zake" ikapita kama "nyayo zak'" na mzani ukakaa, tena mtu aliyeimba kitu miaka hamsini anaweza kuwa amekinyoosha mwenyewe bila kujua, akaondoa kosa ambalo mzee aliliandika kweli. Kwa hiyo binti asikurupuke. Akifanya kazi kama msomi usiku huo, na mimi ningependa afanye, ana vitu viwili vya kupima.

Cha kwanza ni shairi zima. Beti tisa, mishororo thelathini na sita, vipande sabini na viwili. Ahesabu vyote pale pale kwa mwanga wa simu, betri inakwenda. Akikuta vipande sabini na moja vina nane nane na kimoja tu kina tisa, basi kabla ya kusema mshairi kavunja kanuni makusudi angetakiwa kwanza amshuku aliyenakili. Si kwamba mshairi hawezi kuvunja, anaweza. Lakini mtu anayeshika nane mara sabini na moja, halafu kwenye ya sabini na mbili anazidisha kwa kutumia "nyayo zake" wakati lugha yake ya kila siku ina "nyayoze" inayokaa sawasawa kama kifuniko na chungu, hapo swali la kwanza ni nani aliandika. Na hili swali angepaswa kujiuliza miezi minane iliyopita. Akumbuke pia mshororo wa nne wa ubeti huo huo, "atapotokea", mzee amekata "atakapotokea" ili ibaki nane. Mtu aliyekata pale mshororo wa nne kwa nini aache wa tatu umwagike? Ushahidi ulikuwa mshororo mmoja chini ya kosa.

Cha pili ndicho kinachomaliza ubishi: daftari. Bibi analo chini ya kitanda kwenye sanduku la bati, limefungwa kwenye kanga. Analitoa. Kalamu ya wino wa buluu iliyopauka, mwandiko wa kuinama kidogo kulia. Neno ni moja, halijakatika, "nyayoze", na ile "z" mzee aliiandika na mkia unaoshuka chini ya mstari. Hakuna kufuta, hakuna mahali pa kubishana. Binti anatazama picha kwenye simu yake, ile ile aliyoituma steshenari, amekuwa nayo mwaka mzima, na humo pia ni nyayoze.

(Nikuongezee kitu ingawa hukuuliza. Kama ungetaka mzee awe wa zamani zaidi, ameandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika watunzi wa kale wa pwani, kosa lingekuwa la aina nyingine kabisa. Maandishi yale jinsi yalivyotumika zamani hayakutenganisha vizuri "e" na "i", wala "o" na "u", na "p" mara nyingi iliandikwa kama "b", kwa hiyo anayenakili analazimika kuchagua neno na anaweza kuchagua vibaya bila kuharibu hata mzani mmoja. Kosa hilo halisikiki kwa kuhesabu, linasikika kwa maana tu. Kwa hadithi yako halifai, ni gumu kulionyesha kwa usiku mmoja, ila lijue.)

Na kama daftari lingekuwa na "nyayo zake" kweli? Basi anaacha kama ilivyo, tisa ni tisa, hana ruhusa ya kumnyoosha mshairi, anaeleza kwenye tanbihi kwamba ndivyo ilivyo kwenye mswada na hoja yake inasimama. Huo ndio ugumu wa kazi hii, sikio linakwambia pa kuangalia, halikwambii cha kuandika.

Tunaingia kwenye sehemu ambayo hadithi nyingi za chuo zinaharibika kwa sababu mwandishi hajui kinachowezekana. Mwanafunzi wako saa tatu na nusu usiku yuko kwenye mawe ya Kirumba na tasnifu nne mkononi. Anaweza kufanya nini?

Fikra ya kwanza ya kila mtu ni kubadilisha ukurasa mmoja. Inawezekana, mafundi wanafanya. Unaweka rula kando ya mgongo, unakata karatasi kwa wembe ukiacha kisiki cha kama sentimita moja ndani, unachapa ukurasa mpya, unaupunguza upana, unapaka uzi mwembamba wa gundi nyeupe juu ya kisiki, unabandika, unaweka karatasi ya nailoni pande zote mbili isigande na jirani, unafunga kitabu na kukiwekea kitu kizito mpaka asubuhi. Karatasi moja ikifanywa vizuri mtu hajui. Lakini kurasa za tasnifu hazikai kivyake, maneno yanasukumana. Ukurasa mpya lazima uanze na neno lile lile ulioanza nao wa zamani na uishie neno lile lile, la sivyo wa mbele unaanza katikati ya sentensi isiyokuwepo. Kubadilisha "nyayo zake" kuwa "nyayoze" ni rahisi, mstari hauhami. Kubadilisha hoja ndiyo balaa.

Mkalishe kwenye kompyuta ya kaka yake yenye betri ya saa moja, afungue faili, abonyeze Ctrl+F, aandike "mizani ya tisa". Mara kumi na moja. Ikisiri moja, sura ya nne nane, hitimisho mbili. Kurasa tano zimeguswa, na kwa sababu tasnifu imechapwa upande mmoja wa karatasi, ni karatasi tano mara nakala nne, ishirini. Hakuna fundi atakayekukatia karatasi ishirini kwa wembe usiku, na mgongo ukishakatwa visiki vitano unalegea, kitabu kinafunguka chenyewe pale penye jeraha. Ingebidi kung'oa majalada, kubadilisha karatasi na kubaindi upya, na gundi inahitaji kukauka, na umeme hakuna, printa haitembei.

Na hata umeme ungekuwepo kuna kizuizi kikubwa kuliko gundi, nacho msomaji wa kawaida hakijui, kwa hiyo mwonyeshe. Mbele ya tasnifu pana ukurasa wa uthibitisho, msimamizi ameweka saini kwamba kazi hii ameisoma na ndiyo hii. Watahini wamepitisha maneno haya. Binti akibadilisha kurasa tatu za hoja usiku peke yake na kuziingiza chini ya saini ile, amemfanya msimamizi aseme kitu ambacho hakukisema. Kosa la kunakili linageuka kuwa udanganyifu. Hapa ndipo jaribu lake lilipo, maana upande mmoja ni kunyamaza (nani atahesabu mizani ya utao mmoja katika kurasa mia moja na ishirini?), na upande wa pili ni kurekebisha kimya kimya, na zote mbili zinaacha uongo ndani ya jalada.

Kwa hiyo anapiga simu. Saa nne kasoro. Msimamizi ni mtu mzima, amelala mapema.

"Shikamoo Daktari, samahani sana kwa usiku."

"Marahaba. Kuna nini, umefiwa?"

"Hapana Daktari. Ile mizani ya tisa haipo."

Kimya. Halafu anamwambia asome kutoka kwenye picha ya daftari, sio kutoka kwenye tasnifu. Anasoma. Kwenye simu anasikia kidole kikigonga kitu, mbao ya kitanda labda, mara nane.

Hiki kimya kingine kinachofuata ukiandike kwa uangalifu. Msimamizi ameisoma sura hiyo mara mbili, ameandika pembeni "vizuri sana" kwa kalamu nyekundu, na hakuwahi kuomba kuona ukurasa wa daftari. Nilishakaa kwenye kiti hicho. Mwanafunzi wangu mmoja alinukuu ubeti umeruka mshororo mzima, nikasaini, na aliyegundua ni mtahini mbele ya watu, naukumbuka uso wa yule kijana mpaka leo. Tangu siku hiyo mwanafunzi wangu akileta shairi analeta na picha ya mswada, tunahesabu pamoja mezani kabla hajaandika neno lolote la uchambuzi. Kwa hiyo msimamizi wako asifoke. Aseme tu, "Na mimi sikuhesabu." Kisha amwambie la kufanya.

La kufanya ni karatasi ya masahihisho. Ni karatasi ndogo, nusu ya A4 inatosha, inabandikwa ndani mwanzoni kabla ya ikisiri, nakala zote, na msimamizi anaisaini. Inasema wazi kilichokosewa na inavyotakiwa kuwa, na kwa desturi ya masahihisho tunatumia neno "pasomeke". Mwandikie binti maneno yenyewe, yaonekane kwenye hadithi:

"Uk. 87, ubeti wa 6, mshororo wa 3: palipoandikwa 'nyayo zake zikapotea' pasomeke 'nyayoze zikapotea', kama ilivyo katika daftari la mshairi. Kwa sababu hiyo hoja ya mizani ya tisa, uk. 86 hadi 88, pamoja na inapotajwa katika ikisiri na hitimisho, imeondolewa na mwandishi. Kosa ni la mwandishi wa tasnifu, si la mshairi."

Sentensi ya mwisho iandikwe na binti mwenyewe, msimamizi asimwambie. Yeye ndiye aliyeketi kwa bibi na kusikia.

Ila usiifanye karatasi hii iwe dawa ya kila kitu. Ofisi inayopokea inaweza kuikubali, inaweza kusema hoja ikiondolewa kazi irudi kwa watahini, kila chuo kina utaratibu wake, na anaweza kukosa mahafali ya mwaka huu kwa hiyo. Binti alijue hilo anapopanda daladala asubuhi kwenda kumtafuta msimamizi asaini. Acha hata mwisho msomaji asijue ofisi ilisema nini, mimi nisingemwonyesha kaunta ya chuo kabisa.

Ningerudi kwa bibi. Kwa sababu nakala ya nne, kwenye haraka ya usiku ule, ilibaki kule Kirumba, na ndiyo nakala pekee ambayo hakuna ofisi itakayoikagua. Jioni ya siku ya pili binti anapanda tena yale mawe na karatasi moja ya masahihisho na gundi kwenye mkoba. Bibi amekifunga kitabu kwenye kanga pamoja na daftari. Binti anaeleza, anaona aibu, anasema humu ndani nilimkosea baba yako neno moja nikasema ameivunja njia mwenyewe. Bibi anauliza neno gani. Anamwambia. Bibi anacheka kidogo, "Nyayo zake? Baba asingesema hivyo."

Binti anatoa karatasi na gundi. Bibi anaishika, anaigeuza, anauliza imeandikwa nini, anasomewa yote mpaka mwisho. Anatikisa kichwa. Anasema hii mimi siwezi kuisoma na wajukuu wangu wakifungua watafungua penye shairi, hawataanzia huku mbele. "Wewe una kalamu?" Binti anatoa kalamu ya risasi. Bibi anakataa, anataka ya wino. Binti anafungua ukurasa wa 87, anakata "nyayo zake" kwa mstari mmoja ulionyooka ili lililokatwa lisomeke bado, na juu yake anaandika nyayoze, neno moja, ile "z" anaivuta mkia ushuke chini ya mstari kama ulivyo kwenye daftari, na anakiacha kitabu wazi wino ukauke wakati bibi anaanza tena kutoka "Ziwani kuna mawimbi".